Mugunga: Muhtasari wa kurasa mbili unaoamua kama shirika liombe pesa za mfadhili au liache

Katika mtaa wa Mugunga, komini ya Karisimbi, magharibi mwa mji wa Goma kwenye barabara ya Sake, matangazo ya wafadhili hufika kwanza kwenye simu. Faili hupita kutoka kundi moja la WhatsApp hadi lingine. Imeandikwa kwa Kifaransa, ina kurasa thelathini au arobaini, na siku ya mwisho ya kutuma maombi mara nyingi imekaribia.

Watakaoamua kama shirika liombe au liache si wale wanaoandika mradi. Ni baraza la wasimamizi: pengine mwalimu, muuguzi, mchungaji, mama anayeuza saruji na mabati, mzee wa mtaa. Hawalipwi kwa kazi hiyo na hawana siku tatu za kusoma faili nzima. Ndiyo maana mratibu wa shirika huwaandikia waraka mfupi, wa kurasa mbili hivi, unaosema tangazo linataka nini na shirika litaingia katika jambo gani likisema ndiyo.

Waraka huo mara nyingi huandikwa vibaya kwa namna moja: unasifu. Unataja kiasi cha pesa kwenye mstari wa kwanza, unarudia maneno ya mfadhili kuhusu shida za wananchi, kisha unaomba saini. Baraza linasaini kwa sababu hakuna mtu anayependa kukataa pesa wakati jirani zake wana shida. Miezi kadhaa baadaye shirika linadaiwa mishahara, lina deni dukani, na mkaguzi anauliza risiti ambazo hazipo.

Muhtasari mzuri humpa msimamizi nafasi ya kusema hapana. Kwa Mugunga ya leo, hilo linategemea maswali manne: je, tunaruhusiwa kuomba? Kazi yenyewe inagharimu kiasi gani kwenye mawe haya? Pesa zitafikaje mkononi, na lini? Na mambo yakigeuka katikati ya njia, nani atabaki na mzigo?

Tangazo linasema nani anaruhusiwa

Mfano unaojulikana na mashirika mengi ya mashariki mwa Kongo ni Mfuko wa Kibinadamu wa RDC. Mfuko huu upo tangu mwaka 2006. Unakusanya michango ya nchi mbalimbali na unasimamiwa na OCHA, ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoratibu misaada ya kibinadamu. Mashirika ya nchini yanaweza kupata pesa zake moja kwa moja, pamoja na mashirika ya kimataifa na yale ya Umoja wa Mataifa.

Lakini mlango wake haufunguki siku tangazo linapotoka. Kabla ya kuomba, shirika lazima liwe limekwisha kuchunguzwa hati zake na kupimwa uwezo wake wa kusimamia pesa, kununua vitu, kuajiri watu na kutoa ripoti. Mwisho wa kipimo hicho shirika hupewa daraja la hatari: ndogo, ya kati au kubwa. Daraja hilo ndilo linaloamua shirika linaweza kupewa kiasi gani, kwa mafungu mangapi, na litatembelewa mara ngapi. Maombi yenyewe hupitia mfumo wa mtandaoni uitwao GMS, hutazamwa na kamati za sekta husika, na neno la mwisho ni la Mratibu wa Misaada ya Kibinadamu nchini.

Upimaji huo haumaliziki kwa wiki moja. Kwa hiyo, kama shirika la Mugunga halijapimwa na tangazo linafunga baada ya siku kumi na nne, mstari wa kwanza wa muhtasari uwe huu: hatuwezi kuomba wenyewe safari hii. Hapo baraza linabaki na njia mbili. La kwanza ni kuanza upimaji sasa ili kujiandaa kwa tangazo lijalo. La pili ni kuingia chini ya shirika lingine ambalo limekwisha kukubaliwa.

Njia hiyo ya pili ina swali lake, na muhtasari lazima uliulize waziwazi. Katika mifuko ya aina hii, mwombaji huruhusiwa kuongeza hadi asilimia 7 juu ya gharama za moja kwa moja za mradi, ili kulipia ofisi, umeme, mhasibu na mambo mengine yasiyo na mstari wake katika bajeti. Shirika dogo likifanya kazi chini ya shirika kubwa, je, litagawiwa sehemu ya asilimia hizo, au litabeba gharama za ofisi yake kwa mfuko wake? Kama jibu halimo katika mkataba, ni kwamba halipo.

Tangu mwaka 2025 swali la hati nalo limekuwa gumu. Sheria ya 20 Julai 2001 ndiyo inayoongoza mashirika yasiyo ya faida nchini Kongo. Chini ya sheria hiyo, haki ya shirika kutambuliwa kama mtu kisheria hutolewa na waziri wa sheria huko Kinshasa, baada ya maoni ya wizara inayohusika na kazi ya shirika. Goma ilipoingia mikononi mwa AFC/M23 mwishoni mwa Januari 2025, serikali ya mkoa iliyowekwa na Kinshasa ilihamia Beni. Shirika linaloombwa cheti kipya cha mkoa linajikuta kati ya ofisi mbili. Muhtasari usiandike tu kwamba hati zipo. Utaje kila hati, ilitolewa na nani, tarehe gani, na kama mfadhili ameandika kwamba anaikubali.

Bei ya choo kwenye mawe ya volkano

Sehemu ya pili ya muhtasari ni ile inayowashinda wengi: kulinganisha pesa za tangazo na kazi halisi ya mahali.

Mugunga imejengwa juu ya mawe yaliyoachwa na volkano. Mwaka 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walipoingia Goma na kambi za pembezoni mwake, Mugunga ikiwemo, mawe hayo ndiyo yaliyozuia kuchimba vyoo haraka, hata makaburi. Kipindupindu kilipita katikati yao na kuua watu kwa makumi ya maelfu ndani ya wiki chache. Mawe hayajabadilika. Choo cha shimo ambacho sehemu yenye udongo kinachimbwa kwa siku mbili au tatu, hapa kinahitaji nyundo, vyuma na vibarua wengi zaidi, au kinajengwa juu ya ardhi kwa ngazi na tangi la kukusanya uchafu. Tangi hilo nalo linapaswa kuondolewa uchafu kila linapojaa.

Tuchukue mfano, na tarakimu zake ni za kuonyesha hesabu tu. Tangazo linataka mradi wa miezi tisa wa vyoo na usafi kwa watu 4,000. Kipimo cha kimataifa kiitwacho Sphere kinasema choo kimoja kwa watu 20, kwa hiyo vinahitajika vyoo 200. Gharama za moja kwa moja haziwezi kupita dola 100,000. Ukiongeza asilimia 7, jumla inakuwa dola 107,000.

Mratibu amechukua bei ya choo kutoka mradi wa zamani uliofanyika sehemu yenye udongo: dola 150. Vyoo 200 vinakuwa dola 30,000. Wafanyakazi, nyumba ya ofisi na mafuta ni dola 6,500 kwa mwezi, yaani dola 58,500 kwa miezi tisa. Zinabaki dola 11,500 za sabuni, mafunzo na usafiri. Hesabu inafunga vizuri, na kwenye karatasi mradi unapendeza.

Sasa fundi wa Mugunga anaitwa, anatazama uwanja na kusema kwamba kwenye mawe choo hicho hakipungui dola 260. Vyoo 200 vinakuwa dola 52,000. Upungufu ni dola 22,000. Zile dola 7,000 za ofisi haziwezi kuuziba, hata zikitolewa zote na shirika likabaki bila mhasibu.

Msimamizi anayesoma muhtasari anapaswa kuona hesabu hizo mbili zikiwa sambamba, na chini yake njia zilizopo. Kwa bei halisi, dola 30,000 zinajenga vyoo 115, vinavyotosha watu 2,300. Shirika linaweza kuomba kwa idadi hiyo na kueleza sababu ya mawe, likikubali kwamba mwombaji mwingine anayeahidi vyoo 200 ataonekana bora. Linaweza kupunguza wafanyakazi. Au linaweza kuacha. Njia moja haimo: kuahidi vyoo 200 kwa bei ya udongo na kutumaini kwamba Mungu atajua. Vyoo hivyo vitahesabiwa kimoja kimoja na watu wa mfadhili, na choo ambacho shimo lake halifiki mita moja kitaonekana mvua ya kwanza ikinyesha.

Je, watu wenyewe bado wapo?

Kabla ya kuacha sehemu hii, muhtasari uulize pia idadi ya watu ilihesabiwa lini. Kwa Mugunga, hilo limekwisha kutokea kwa njia kali.

Hadi mwanzo wa mwaka 2025, Mugunga, Lac Vert na Bulengo zilikuwa zimejaa kambi za watu waliokimbia vita vya Masisi na Rutshuru. Mabomu yalianguka kwenye kambi za eneo hilo tarehe 3 Mei 2024, na watu waliendelea kuishi hapo kwa kukosa pa kwenda. Tarehe 9 Februari 2025 watu wa kambi waliambiwa na M23 waondoke ndani ya saa 72. Baada ya siku chache, mahema yalikuwa yamebomolewa, na watu wamerudi vijijini au wameingia katika familia za mjini.

Mradi wowote ulioandikwa Desemba 2024 kwa ajili ya kambi ulikuwa umepoteza watu wake katikati ya Februari. Hakuna mratibu aliyeweza kuona hayo mapema. Lakini muhtasari ungeweza kuuliza jambo moja: watu wakihama, mkataba unaruhusu kuhamisha kazi kwenda waliko, na nani anatoa ruhusa hiyo, kwa siku ngapi? Shirika lenye jibu hilo kwa maandishi linaweza kufuata watu. Lisilo nalo hulazimika kujenga mahali pasipo na mtu, au kusimama na kusubiri huku mishahara ikihesabiwa.

Pesa zinapita wapi benki ikifungwa?

Swali la tatu halikuwa na uzito mkubwa Goma zamani. Mfadhili alituma pesa benki, watu wawili wakasaini, pesa zikatoka. Tangu mwisho wa Januari 2025 benki za mji zilifunga milango. Wakazi walitegemea pesa za simu, yaani M-Pesa, Airtel Money na Orange Money, na wenye uwezo walivuka mpaka hadi Gisenyi. Aprili 2025 AFC/M23 ilifungua tena CADECO mjini Goma, hatua ambayo Kinshasa haikuitambua.

Kwa shirika linalotaka kuomba ruzuku, hali hii inaleta gharama ambayo bajeti nyingi hazina mstari wake. Kutoa pesa kwa wakala wa simu kunakatwa kamisheni, na pesa taslimu zikiwa chache mjini kamisheni hupanda. Tuseme katika mradi wetu wa mfano dola 50,000 lazima zigeuzwe kuwa pesa taslimu kwa ajili ya vibarua, mchanga na usafiri. Kila dola 100 zikikatwa 3, shirika linapoteza dola 1,500. Je, mfadhili anakubali gharama hiyo? Wakala anatoa karatasi gani inayoonyesha kiasi alichokata? Kama wakala hatoi chochote, mkaguzi ataona dola 50,000 zimetoka na dola 48,500 zimefika, naye ataandika kwamba dola 1,500 hazina maelezo.

Hapa wajumbe wa baraza wanapaswa kuelewa neno moja la mikataba hii. Gharama isiyokubalika haimaanishi gharama ya wizi. Ni pesa yoyote iliyotumika bila hati inayotakiwa, au nje ya bajeti, au nje ya tarehe za mradi. Baada ya ukaguzi, shirika linatakiwa kuirudisha. Kibarua anaweza kuwa amelipwa kwa uaminifu mbele ya mashahidi, lakini kama orodha ya malipo haina jina lake, namba ya kadi yake, idadi ya siku alizofanya kazi na saini au alama ya kidole, pesa hizo zinaweza kudaiwa tena. Shirika dogo halina mahali pa kuzitoa isipokuwa kwenye mradi unaofuata, na huo ndio mwanzo wa kuanguka.

Kuna pia mafungu. Katika Mfuko wa Kibinadamu, kadiri daraja la hatari linavyopanda, ndivyo pesa zinavyogawanywa na kutolewa kidogo kidogo. Wafadhili wengine wana kanuni zinazofanana. Turudi kwenye mfano. Tuseme mkataba unatoa fungu la kwanza la asilimia 60, yaani dola 64,200. Fungu la pili linaombwa baada ya kuonyesha kwamba asilimia 80 ya fungu la kwanza imetumika, yaani dola 51,360. Siku ripoti inapotumwa, shirika limebaki na dola 12,840.

Mfadhili anasoma ripoti, anauliza maswali, anatuma mtu kuangalia kazi, anaidhinisha, anatuma pesa. Hesabu miezi miwili. Wafanyakazi na ofisi peke yao hula dola 13,000 katika miezi hiyo. Kwa maneno mengine, pesa zilizobaki hazitoshi hata kulipa watu, na hakuna choo kimoja kinachojengwa. Shirika lina mambo mawili ya kuchagua. Linaweza kusimamisha kazi na kupoteza miezi miwili kati ya tisa. Linaweza pia kuchukua saruji na mabati kwa mkopo, na hapo mjumbe wa baraza mwenye duka ndiye ataombwa kwanza. Akikubali, muuzaji na msimamizi wamekuwa mtu mmoja, jambo ambalo mkaguzi atalitaja kama mgongano wa masilahi hata kama bei yake ilikuwa ya chini kuliko zote.

Muhtasari mzuri unaonyesha jambo hili kwa jedwali dogo la mistari tisa, mwezi kwa mwezi: pesa zinazoingia, zinazotoka, zinazobaki. Mwezi ambao mstari wa mwisho uko chini ya sifuri unawekewa alama. Kisha unasema shirika lina kiasi gani cha kwake cha kuvukia mwezi huo. Kama lina dola 4,000 na pengo ni dola 10,000, baraza limekwisha kupata sehemu kubwa ya jibu lake.

Kodi, vikwazo na barua ya kusitisha

Swali la nne ni lile ambalo watu huliogopa kuliandika, kwa hiyo huliacha.

Mashirika ya Goma yanafanya kazi chini ya utawala ambao wafadhili wengi hawautambui. M23 iliwekwa kwenye orodha ya vikwazo ya Umoja wa Mataifa tarehe 31 Desemba 2012. Marekani iliiweka AFC kwenye orodha yake Julai 2024. Mikataba ya ruzuku kwa kawaida ina kifungu kinachokataza pesa za mradi kuwafikia walio katika orodha hizo. Wakati huohuo, gari la mchanga linalipishwa kizuizini na ofisi inaombwa kodi. Mratibu hawezi kulitatua hilo peke yake, na baraza haliwezi kulifunika kwa kunyamaza.

Kinachowezekana ni kuuliza mapema. Matangazo mengi hutenga siku kadhaa za maswali, na majibu hutumwa kwa maandishi, mara nyingi kwa waombaji wote. Muhtasari uoneshe siku ya mwisho ya maswali hayo, maana huja kabla ya siku ya mwisho ya maombi na wengi huipita bila kujua. Swali liwe la moja kwa moja: malipo gani yanayodaiwa mjini yanakubalika katika bajeti, yapi hayakubaliki, na shirika lifanye nini likilazimishwa? Jibu likija, linabandikwa nyuma ya muhtasari. Lisipokuja, muhtasari uandike kwamba halikuja, ili wanaopiga kura wajue wanapiga kura bila jibu.

Kisha kuna kifungu cha kusitisha. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje ya Marekani kwa siku 90, na ndani ya siku chache amri za kusimamisha kazi zikaanza kuwafikia waliokuwa wakitekeleza miradi. Goma iliangukia katika vita wiki hiyohiyo iliyofuata. Mashirika ya nchini yaliyokuwa yakifanya kazi chini ya mashirika makubwa yalijifunza kwamba pesa zinaweza kukatika kwa barua ya ukurasa mmoja, bila kosa lolote la mtekelezaji.

Kwa hiyo msimamizi anataka kujua mambo matatu kuhusu kifungu hicho. Mfadhili anatoa taarifa ya siku ngapi kabla ya kusimamisha? Gharama zilizokwisha kuingiwa kabla ya barua zinalipwa? Na gharama za kufunga, yaani kuwapa wafanyakazi taarifa wanayostahili kisheria na kumaliza mkataba wa nyumba, ziko upande wa nani? Kama mfadhili anaweza kuondoka leo na shirika linadaiwa taarifa ya mwezi mzima kwa watu wake sita, tofauti hiyo ni deni la shirika, na inaweza kuhesabiwa kabla ya kusaini.

Ukurasa wa mwisho: kura

Mwaka 2016, katika mkutano wa Istanbul kuhusu misaada ya kibinadamu, wafadhili na mashirika makubwa waliahidi kwamba angalau asilimia 25 ya pesa zao zingefika kwa mashirika ya nchi husika kwa njia iliyo fupi iwezekanavyo. Ahadi hiyo ndiyo inayofanya matangazo mengi yataje mashirika ya nyumbani kwa jina. Lakini pesa zikishuka hadi Mugunga bila gharama zake za ofisi na za kusubiri, kinachoshuka nazo ni hatari.

Ndiyo sababu muhtasari unamalizika kwa mapendekezo matatu, kila moja na bei yake. Kuomba, na baraza likubali kwa jina lake pengo la mwezi fulani na namna ya kulivuka. Kuomba kwa masharti: vyoo 115 badala ya 200, mstari wa kamisheni uwekwe katika bajeti, jibu la maandishi kuhusu kodi lipatikane kwanza, na mratibu akae chini kama sharti moja halikutimia siku tatu kabla ya kufunga. Au kuacha, na kazi ya majuma yale mawili itumike kuanza upimaji ambao utafungua mlango wa tangazo lijalo.

Mratibu anaweza kusema yeye anapendelea lipi, na ni vizuri aseme. Lakini pia aandike mshahara wake unategemea nini. Mtu ambaye mkataba wake unaisha mwezi ujao na mradi mpya ndio utakaomlipa hawezi kuwa mtu pekee aliyesoma tangazo. Mabaraza mengine humpa mjumbe mmoja, mara nyingi yule anayejua hesabu, kazi ya kufungua faili yenyewe na kuhakiki mambo manne tu: sharti la kuruhusiwa, kiasi cha juu, ratiba ya mafungu na kifungu cha kusitisha. Kazi hiyo huchukua jioni moja.

Baada ya hapo kura inapigwa na kuandikwa katika kitabu cha mikutano: tarehe, waliokuwepo, uamuzi na sababu zake. Mjumbe mwenye duka la saruji anasema masilahi yake na kutoka nje wakati wa kura. Nakala ya muhtasari inabandikwa pembeni, pamoja na hesabu ya fundi aliyeutazama uwanja wenye mawe. Siku mkaguzi atakapokuja kuuliza kwa nini shirika liliahidi vyoo 115 wakati mfadhili alitaka 200, jibu litakuwa kwenye ukurasa huo, likiwa na tarehe na saini.